Hatari, taratibu na ushahidi: swali la bidhaa zilizopitwa na wakati

"Swali la mtihani wa ukaguzi wa hesabu linasema kampuni imetoa toleo jipya la bidhaa huku la zamani likiwa bado ghalani. Hatari naiona, lakini alama za taratibu za ukaguzi sizipati. Nakosea wapi?"

Mara nyingi kosa huanzia kwenye hatari yenyewe, kwa sababu "bidhaa zimepitwa na wakati" ni maelezo yaliyonakiliwa kutoka kwenye swali, wala hayamwambii msahihishaji ni tarakimu ipi ya hesabu inayoweza kuwa na kosa. Andika kwamba toleo jipya limeshusha bei ya toleo la zamani, hivyo bidhaa zilizobaki ghalani huenda zimeonyeshwa kwa thamani kubwa kuliko inavyostahili.

Ukishafika hapo, utaratibu unajitokeza wenyewe: chagua sampuli ya bidhaa hizo, linganisha gharama iliyo kwenye ankara za ununuzi na bei iliyo kwenye ankara za mauzo ya baada ya mwisho wa mwaka, baada ya kupunguza gharama za kuuza kwenye bei hiyo. Kama bidhaa moja iligharimu 400, ikauzwa 350 na kuuza kukagharimu 20, thamani yake ipunguzwe kwa 70.

Mchangiaji mwingine aliyependekeza kuhesabu bidhaa ghalani yuko sahihi nusu: kuhesabu huthibitisha kuwa bidhaa zipo na huweza kufichua zilizochakaa, lakini hakuonyeshi zitauzwa kwa bei gani.

Nasema haya kama msahihishaji wa mitihani ya majaribio. Hayo yote ni ya swali la taratibu; swali likitaka ushahidi unaotarajiwa kuwemo kwenye jalada la ukaguzi, taja nakala ya ankara na jedwali la ulinganisho, si kitendo cha kulinganisha.