Kisukari na mishipa mitatu ya moyo iliyoziba: usikimbilie stenti

Chukua mwanamume wa miaka 61, mwenye kisukari kwa miaka 12, anayebanwa kifua akipanda ngazi. Hali yake ni tulivu, hana shambulio la moyo. Angiografia, yaani picha ya mishipa ya moyo, inaonyesha mishipa yote mitatu imezibwa kwa sehemu kubwa, ukiwemo ule wa mbele kushoto. Katheta imo ndani, stenti za kutanua mishipa ziko karibu, na kila mtu chumbani anatamani kumaliza shughuli leo leo. Ishie hapo. Toa katheta, mrudishe wodini, kisha daktari wa moyo na mpasuaji wazitazame picha pamoja. Usimpe pia dozi kubwa ya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mazoea, maana baada yake upasuaji wa baipasi, yaani kuunga mshipa mwingine upite palipoziba, hungoja takriban siku 5 ili kupunguza hatari ya kuvuja damu.

Sababu ya kufikiria baipasi kwanza iko kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye kisukari, mafuta hutanda sehemu ndefu ya mshipa, tena mshipa mara nyingi ni mwembamba. Stenti hutibu pale ilipowekwa tu. Utando mpya ukijitokeza sentimita mbili mbele, haina msaada. Baipasi huungwa chini ya eneo lote linalougua, hivyo hata pakiziba upya juu yake, damu bado inafika.

Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,900 wa aina hii. Baada ya miaka 5, asilimia 16.3 ya waliowekewa stenti walikuwa wamefariki, dhidi ya 10.9 ya waliofanyiwa baipasi. Kwa kundi la baipasi, mashambulio ya moyo nayo yalipungua zaidi ya nusu. Ila kiharusi kiliongezeka, asilimia 5.2 dhidi ya 2.4 ya stenti, na hili mgonjwa aambiwe waziwazi kabla hajatia sahihi. Utaambiwa stenti za sasa ni bora kuliko za wakati ule. Ni kweli, lakini bado zinatibu pale zilipowekwa tu.

Sehemu kubwa ya faida hutokana na ateri ya ndani ya kifua, upande wa kushoto, inapounganishwa na mshipa wa mbele. Hiyo hudumu wazi miaka mingi kuliko vena ya mguu. Kwa hiyo angalia ncha ya mshipa huo wa mbele kwenye picha: ikiwa nyembamba mno na imejaa utando hadi mwisho, mpasuaji hana pa kushonea, na hoja ya baipasi inadhoofika.

Stenti huchaguliwa pia kwa mgonjwa dhaifu sana au mwenye mapafu mabovu asiyeweza kuhimili upasuaji. Na akija na shambulio la moyo linaloendelea, mshipa uliosababisha ufunguliwe mara moja. Iliyobaki ijadiliwe baadaye.

Akikubali baipasi, shusheni sukari kabla ya siku yenyewe. Sukari ya juu huchelewesha kupona kwa mfupa wa kifua na hukaribisha usaha kwenye kidonda. Homa, majimaji yanayotoka, au mfupa unaocheza akikohoa: mwite mpasuaji siku hiyo hiyo.