Kalkuleta inasema -63.4, kitabu kinasema 116.6

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo fomu siksi PCM hapa Moshi. Nimegawanya (-8 + i)/(2 + 3i) nikapata -1 + 2i, modulasi √5, ila agumenti kalkuleta inanipa -63.4 na nyuma ya kitabu wameandika 116.6. Nani kakosea? Na kwenye mtihani ambako hakuna majibu ya kuchungulia nitajuaje?

Jibu: Marahaba. Kugawanya umepatia, kwenye agumenti ndo umeteleza, wala usiilaumu kalkuleta maana imejibu kile kile ulichoiuliza. Ulipobonyeza tan⁻¹(2/-1) yenyewe imeona -2 basi, haijui ile hasi imetoka juu au chini, na tan⁻¹ siku zote inajibu kati ya -90 na 90, haivuki hapo.

Ebu fikiria umesimama Usa River. Gari linaloenda Moshi na linalorudi Arusha mjini yote yako kwenye lami ileile, mtu akikuuliza barabara imelala vipi jibu ni moja, lakini magari yenyewe yamepeana mgongo. Tan inakwambia barabara ilivyolala tu, agumenti inataka kujua gari limeelekea wapi. Sasa 1 - 2i na -1 + 2i ziko kwenye mstari mmoja unaopita sifuri, tan yao zote mbili ni -2, kwa hiyo lazima uchore kamchoro, hata kabaya. -1 ni kushoto, 2 ni juu, uko kwadranti ya pili, na -63.4 ni kulia chini, kwa hiyo unaongeza 180 unapata 116.6. Mimi mwanafunzi akiniletea agumenti bila mchoro namrudishia daftari kabla hata sijasoma, wananiona mnoko lakini ndo hivyo.

Kuhakikisha sasa. Ya kwanza ni modulasi kwa sababu haikuli hata dakika: modulasi ya juu gawa kwa ya chini lazima ilingane na ya jibu. Juu ni √(64 + 1) yaani √65, chini √(4 + 9) yaani √13, √65/√13 ni √5, na jibu lako √(1 + 4) ni √5. Safi. Angalia inavyomkamata mtu: ukizidisha juu na chini kwa konjugeti 2 - 3i, juu unapata -16 + 24i + 2i - 3i², na hapo kwenye -3i² ndo wengi wanaanguka, wanaandika -3 badala ya +3, wanatoka na (-19 + 26i)/13. Modulasi ya hiyo ni kama 2.48 wakati √5 ni 2.24, ushajua kuna kitu kimeharibika. Na chini ikikutokea 4 - 9 jua umesahau i² hapo pia, namba ikizidishwa na konjugeti yake haiwezi kutoa hasi.

Ila usiiamini modulasi peke yake. Ungeandika 1 + 2i au -1 - 2i bado ingekupa √5, yenyewe haioni alama. Ndo maana mimi namalizia kwa kuzidisha kurudi nyuma: (-1 + 2i)(2 + 3i) = -2 - 3i + 4i + 6i², i² ni -1 kwa hiyo -8 + i, umerudi ulikotoka. Hii alama ikikosewa inaonekana palepale.

Agumenti nayo ina yake, ya juu toa ya chini. -8 + i iko kushoto juu kidogo, 180 - 7.1 ni 172.9, na 2 + 3i ni 56.3, ukitoa unapata 116.6, na hapa hujagusa jibu lako la mwanzo kabisa ndo maana naipenda. Kama kalkuleta yako ina Pol, andika Pol(-1,2), itakupa modulasi na pembe kwenye kwadranti yake sahihi, ila cheki kioo kama kuna D au R, ukiona 2.03 ni 116.6 hiyohiyo kwa rediani.

Kuna sehemu moja tu kutoa huku kunachanganya. Juu ingekuwa -8 - i, agumenti yake ni -172.9, ukitoa 56.3 unapata -229.2 na unaanza kufuta kazi nzuri. Usifute, agumenti kuu inatakiwa izidi -180 na isipite 180, ongeza 360 tu, inakuwa 130.8.