Mkopo uliokwisha kulipwa unaposomeka bado kuwa chechefu

Mwezi Februari 2024 nilikwenda benki moja mjini Dodoma kuomba mkopo wa kupaua nyumba ninayojenga Nzuguni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na makato ya mshahara wangu yalikuwa bado mbali na kugusa ile theluthi moja ambayo mtumishi lazima abaki nayo, kwa hiyo sikutarajia kikwazo. Afisa mikopo aliangalia kompyuta yake kwa muda, kisha akaniambia, "Mwalimu, mshahara wako unaruhusu, lakini mfumo unaonyesha una mkopo chechefu wa zaidi ya siku elfu moja." Mkopo alioutaja ni ule niliouchukua benki nitakayoiita ya kwanza, ambao benki ya pili iliununua mwezi Juni 2020 kwa kulilipa deni hilo kwa niaba yangu na kunihamishia kwake, na hata huo wa benki ya pili nilikuwa nimeumaliza kwa makato ya mshahara bila kukosa mwezi hata mmoja.

Sikubishana naye, kwa sababu afisa anayesoma taarifa hiyo siye aliyeiandika. Nilimwomba anitajie tu kampuni ya taarifa za wakopaji iliyotoa ripoti ile, kisha nikaiomba nakala yangu moja kwa moja kwa kitambulisho cha NIDA. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata iliyoko Benki Kuu, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo Tanzania, huzichukua na kuzipanga katika ripoti. Kampuni hiyo haina uwezo wa kuamua peke yake kwamba deni lako limekwisha. Mkopeshaji aliyepeleka kosa ndiye anayepaswa kulirekebisha.

Unapoipata ripoti, anza na sehemu ya utambulisho kabla ya kwenda kwenye madeni. Linganisha majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA, kwa kuwa ikiwa mkopo wa mtu mwingine umeingizwa kwenye jina lako, malalamiko yako yatakuwa ya aina nyingine kabisa. Utambulisho wangu ulikuwa sahihi. Baada ya hapo nenda kwenye orodha ya mikopo, na kwa kila mkopo usome kiasi kilichochelewa kulipwa, idadi ya siku za kuchelewa, na tarehe ambayo mkopeshaji alipeleka taarifa kwa mara ya mwisho.

Mkopo wangu wa zamani ulionyesha kiasi kilichochelewa cha shilingi 63,900 na siku za kuchelewa 1,279. Rejesho langu la kila mwezi lilikuwa shilingi 186,000. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, maana mtu aliyeacha kulipa kwa zaidi ya miaka mitatu hudaiwa marejesho mengi yaliyorundikana, wala hawezi kudaiwa theluthi ya rejesho moja. Kalenda ya malipo ilithibitisha jambo hilohilo: miezi yote hadi Juni 2020 ilikuwa safi, kisha siku zikaanza kupanda mwezi baada ya mwezi bila kushuka hata mara moja. Ukiona deni dogo kuliko rejesho likiwa na siku nyingi namna hiyo, shuku bakaa iliyosahaulika kwenye akaunti ya mkopo. Mkopo huhesabiwa kuwa chechefu unapopita siku 90 bila kulipwa, na siku huendelea kuhesabiwa hata kama kilichobaki ni kidogo sana.

Nilirudi benki ya kwanza kuomba taarifa ya akaunti ya mkopo. Sisitiza neno hilo, kwa sababu mara ya kwanza nilipewa taarifa ya akaunti ya mshahara, ambayo haikuonyesha lolote la maana. Ile ya mkopo ilieleza kila kitu. Barua ya benki hiyo iliyotaja kiasi cha kumaliza deni ilisema ni shilingi 4,200,000 na kwamba kiasi hicho kingekubalika hadi tarehe 30 Juni 2020. Benki ya pili ilituma fedha tarehe 25 Juni, lakini benki ya kwanza iliziingiza kwenye mkopo wangu tarehe 6 Julai. Kwa siku hizo 11 mfumo uliendelea kutoza riba ya asilimia 17 kwa mwaka, ambayo kwa deni hilo ni shilingi 1,956 na senti kidogo kwa siku. Zidisha kwa 11 utapata takriban shilingi 21,518, na ndiyo bakaa iliyobaki. Kiasi kilichobaki hadi kufikia 63,900 kilikuwa adhabu za ucheleweshaji.

Mhudumu wa tawi, kwa nia njema kabisa, alinishauri nilipe hizo 63,900 ili yaishe. Nilikataa, na hapa ndipo ningependa msomaji awe makini zaidi. Kulipa kungefunga akaunti, lakini kumbukumbu ya siku 1,279 ingebaki kwenye kalenda, na ripoti ingesomeka kwamba nilishindwa kulipa kisha nikalipa baadaye. Fedha zilikuwa zimetumwa ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, kwa hiyo ucheleweshaji ulikuwa wa benki, si wangu. Kama zingefika baada ya tarehe 30 Juni, riba ile ingekuwa deni langu halali, na njia pekee ya haki ingekuwa kuilipa, kuomba ionyeshwe kuwa imelipwa, na labda kuomba nisamehewe adhabu.

Barua yangu kwa meneja wa tawi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilitaja namba ya mkopo, tarehe hizo tatu na hesabu ya riba, kisha nikaomba mambo matatu bayana: bakaa na adhabu zifutwe kwa kuwa zimetokana na kuchelewa kwa benki, mkopo usomeke kuwa umefungwa kuanzia Juni 2020, na taarifa za kila mwezi zilizopelekwa baada ya hapo zirekebishwe. Nilikumbusha pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Niliambatisha barua ya kiasi cha kumaliza deni, hati ya uhamisho wa fedha kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki na benki, niliyoiomba benki ya pili, taarifa ya akaunti ya mkopo na ripoti yenyewe. Hati ya TISS ndiyo iliyobeba uzito wote, kwa sababu inaonyesha siku fedha zilipotumwa. Nakala yangu niligongesha muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala nyingine niliipeleka kampuni ya taarifa za wakopaji ili nayo ifungue lalamiko.

Baada ya wiki chache nilipokea barua kwamba akaunti imefungwa. Nilipochukua ripoti mpya mwezi Aprili, deni lilisomeka sifuri, lakini kalenda ilikuwa bado na siku zilezile, maana benki ilikuwa imetekeleza ombi la kwanza na la pili tu. Nikaandika barua ya pili kuhusu ombi la tatu peke yake, nikieleza kwamba nisipojibiwa nitalipeleka suala hilo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambalo hupokea lalamiko la mteja aliyekwishaanzia kwa mkopeshaji wake bila kupata ufumbuzi. Sikulazimika kufika huko. Ripoti ya Juni ilikuja na kalenda inayoishia Juni 2020.

Nilipoomba mkopo tena, nilikwenda na barua ya benki ya kwanza inayothibitisha kwamba mkopo ulifungwa mwaka 2020, kwa sababu wakopeshaji hawatumii kampuni moja ya taarifa za wakopaji, na sikuwa nimeiona ripoti ya kampuni nyingine. Afisa aliiweka barua hiyo kwenye jalada langu pamoja na ripoti.