Barua ya kuomba kwenda kujitambulisha kwa kina binti: tarehe uiandike hivi

"Wakuu, wazee wangu wanataka kupeleka barua kwa kina binti, ila bado sio posa, ni kuomba tu kwenda kujitambulisha. Inaandikwaje? Na tarehe tunapanga sisi au tunawaachia wao?"

Mkuu, tarehe pendekezeni nyie ila wao ndo waamue, na ziwe mbili. Yangu aliiandika baba mdogo, akaweka "tutafika mwishoni mwa mwezi jioni", basi. Sisi tulikua tunamaanisha Jumapili, wenzetu wakaelewa Jumamosi, wakapika pilau, shangazi yake katoka Kibaha asubuhi na mapema, wakakaa mpaka usiku hatujatokea. Mshenga kesho yake kapigiwa simu akasemwa mpaka akakosa la kujibu, na tulipoenda baadae tukapigwa faini kabla hata ya kukaribishwa kukaa, yani tumesimama pale sebuleni tunachangishana kwenye kofia.

Barua ya pili aliandika baba mkubwa kwa mkono, na kiini chake kilikua hivi:

"Kwa Mzee na Mama wa familia ya ..., salamu nyingi. Kijana wetu ametueleza kuwa amefahamiana na binti yenu na ana nia njema. Kwa heshima, tunaomba ruhusa ya kufika nyumbani kwenu kujitambulisha, Jumamosi tarehe 13 Juni au Jumapili tarehe 21 Juni, saa 4 asubuhi. Tutakuwa watu watano. Endapo siku hizi hazitawafaa, tupo tayari kwa siku mtakayotupangia. Tunaomba jibu kupitia mshenga wetu, ikiwezekana kabla ya tarehe 6 Juni."

Ona hapo neno mahari halipo, posa haipo. Ukishaandika posa wazee wa kule wanaita ukoo mzima na wanakaa kupanga mahari, wakati nyie mmekuja kusalimia tu. Na ile "tumeona ua bustanini kwenu" mi naonaga inachosha, ila kama wazee wako wanaipenda waachie, sio ya kugombana.

Idadi ya watu iandikwe, viti na chakula vinapangwa kwa hiyo. Saa 4 asubuhi ni kwa sababu ya foleni, sisi tulitoka Mbagala kwenda Tegeta, jioni pale Mwenge ungetukuta bado tumekaa kwenye gari. Barua ifike wiki tatu kabla, maana baba mtu hajibu peke yake, lazima aongee na kaka zake na wajomba wa binti. Kwanza muulize binti kimyakimya kama kuna msiba au safari, na kama ni Waislamu usiwapangie Ramadhani mchana.

Bahasha tuliweka elfu hamsini ya kufungulia barua, lakini hiyo mwambie mshenga aulize, kila nyumba na yake. Na namba ya mshenga iandikwe chini ya barua, isiwe ya kwako wewe bwana harusi mtarajiwa, utaonekana huna wazee.

Jibu letu lilikuja siku ya nne, wakachagua tarehe 21, wakaongeza na mstari "tafadhali msichelewe kama mara ile".