Mkono wa jezi na mdomo uliofunikwa

Swali la juma: "Jeshi linateka mji, vikwazo vinafunga akaunti za benki, vyote tunaviona kwa macho. Hiyo nguvu laini tunayofundishwa iniversite inafanya nini hasa, na mwanafunzi ataijuaje kama imefanya kazi?"

Nawaomba wanafunzi wa Lubumbashi wapite sokoni katika mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, pale wanapouza jezi, waitazame ya Arsenal ya msimu wa 2025/26. Kwenye mkono wa kushoto mna maandishi: "Visit Rwanda", yaani tembelea Rwanda. Maandishi hayo yalianza mwaka 2018, na kwa jinsi ilivyoripotiwa yaligharimu takriban pauni milioni 10 kwa mwaka. Ukiuelewa mkono huo vizuri, jibu la swali lenu utakuwa umelipata karibu lote.

Mmarekani Joseph Nye, aliyeanzisha msamiati huu mwaka 1990, alisema kuna njia tatu za kumfanya mwenzako afanye unachotaka: umtishe, umlipe, au umvute mpaka atake mwenyewe. Mbili za kwanza ndizo shuruti ya bunduki na ya fedha. Ya tatu ndiyo nguvu laini. Mimi napenda kuiita nguvu ya mvuto. Diplomasia ya umma ni kazi ya kuutumia mvuto huo: serikali inaongea na wananchi wa nchi nyingine bila kupitia kwa wakubwa wao. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Pauni zile milioni 10 si mvuto, ni kodi ya ukuta wa kubandikia tangazo. Mvuto unakaa kichwani mwa anayesoma, na yeye hana mkataba na mtu.

Tuufuate mnyororo wenyewe. Rwanda ilikuwa na sokwe wa milimani. Sokwe hao wanaishi kwenye safu ileile ya volkano inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo. Tangu 2017 kibali cha kuwaona upande wa Rwanda ni dola 1,500. Upande wetu wa Virunga, hifadhi ilipokuwa ikipokea wageni, kilikuwa dola 400. Mnyama ni mmoja, mlima ni mmoja. Tofauti ya dola 1,100 inalipia barabara, hoteli na usalama, lakini sehemu yake inalipia jina. Mtu wa London amekwisha kuamini, kabla ya kupanda ndege, kwamba atafika na kurudi salama. Huo ndio mvuto uliogeuka kuwa uamuzi, na unaweza kuuhesabu.

Sasa tuone unavyoharibika. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, na mwezi uliofuata Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakanusha. Februari hiyohiyo waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain akizitaka ziachane na mikataba yao na Rwanda. Maandishi ya jezi hayakubadilika hata herufi moja, ila msomaji wake ndiye aliyebadilika. Aliyekuwa akiona sokwe akaanza kuona Goma. Mashabiki kadhaa wa Arsenal walifikia hatua ya kugawa vitambaa vya kufunika maandishi hayo mkononi.

Barua ilizaa nini? Agosti 2025 Bayern ilitangaza kwamba mkataba wake hautakuwa wa matangazo tena, utabaki kwenye malezi ya wachezaji vijana. Novemba Arsenal ilitangaza kwamba wake unakoma Juni 2026. PSG yenyewe ilikuwa imekwisha kuuongeza mpaka 2028. Tulieni hapo kidogo. Barua zilitoka kwa mwandishi mmoja, majibu yakatofautiana. Kwa hiyo barua peke yake siyo iliyofanya kazi. Asilimia 75 ya hisa za Bayern ni za chama cha wanachama wake, na mashabiki waliinua mabango uwanjani. PSG inamilikiwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa Katar, na bango la jukwaani halimnyimi usingizi mwenye mali wa namna hiyo. Arsenal ni ya tajiri wa Kimarekani, hata hivyo nayo ilitangaza mwisho wa mkataba, na haikutaja Kongo kuwa sababu. Basi mwanafunzi asiandike "barua iliivunja Arsenal." Aandike kwamba shinikizo lilitangulia na uamuzi ukafuata, na kwamba pale ambapo mashabiki wana sauti ndani ya klabu, uamuzi ulikuja mapema zaidi.

Pimeni hayo na shuruti. Novemba 2012 M23 iliiteka Goma kwa mara ya kwanza. Wafadhili walikuwa wameanza kuizuilia Rwanda misaada, M23 ikatoka mjini baada ya siku kama kumi na moja, na mwaka 2013 jeshi letu likisaidiwa na brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi likaishinda. Yote hayo yalichukua kama mwaka mmoja. Hakuna jezi inayoweza kufanya hivyo. Bayern ilipobadili mkataba wake, Goma haikurudi mikononi mwa Kinshasa, na anayewaahidi kwamba mvuto unarudisha miji anawadanganya. Lakini shuruti inadumu kadiri mkono unavyoishikilia: M23 iliyoshindwa 2013 ilirudi vitani mwishoni mwa 2021. Mvuto kazi yake iko kwa mtu wa tatu. Ndio unaoamua kama mbunge wa Ulaya ataona aibu kupiga kura fulani, na kama kampuni itaogopa kuonekana na nani.

Kongo nayo imewahi kuutumia, tena bure. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Kodivaa, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bastola, kulalamikia kimya cha dunia kuhusu mauaji ya mashariki mwa Kongo. Walifungwa 1-0, lakini picha ile ilizunguka dunia. Haikuhitaji mkalimani, na hakuna wizara iliyoilipia, ndiyo maana ikaaminika. Mwaka uliofuata serikali ilisaini mkataba wa miaka minne na Barcelona, ulioripotiwa kuzidi euro milioni 40. Naliona hilo kuwa kosa la mpangilio. Anayesoma jina la Kongo kwenye jezi ya mazoezi ya Barcelona atafungua simu, na mara moja atakutana na onyo la usafiri kutoka wizara ya nchi yake. Rwanda ilikuwa na kibali cha kuuza kabla ya kukodi ukuta. Sisi tumekodi ukuta kwanza.

Mkitaka zoezi, chukueni TP Mazembe, klabu ya hapa mjini, ya Desemba 2010 kule Abu Dhabi. Iliitoa Internacional ya Brazili 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na dunia ikamwona kipa Kidiaba akisherehekea kwa kurukaruka amekaa chini. Andikeni sentensi nne tu: nani aliona, alibadili fikra gani kuhusu Lubumbashi, alifanya nini ambacho asingefanya, na ni nani hapa mjini aliyekuwa tayari kumpokea. Sentensi mbili za kwanza zitakuja zenyewe. Ya tatu itawachelewesha, na mkifika ya nne mtaona mahali ambapo mnyororo ulikatika.

Mwalimu wa uhusiano wa kimataifa, Lubumbashi