Nilivyopunguziwa amana ya nyumba

Mwenye nyumba alitaka amana ya miezi miwili, juu yake kodi ya mwezi wa kwanza. Kodi niliimudu. Amana ndiyo iliyonishinda.

Sikuanza kwa kulia shida, maana mwenye nyumba akisikia huna hela ndipo anapozidi kuishikilia amana yake. Nilimuuliza: "Mama, hii ya miezi miwili ni kwa ajili ya nini hasa?" Akasema mpangaji aliyetoka aliondoka na deni la kodi, na mlango wa bafu aliuacha umevunjika. Nyumba yenyewe ilikuwa imekaa tupu wiki tatu. Hapo nikajua cha kumwambia.

Nilimwomba apokee amana ya mwezi mmoja, na kodi ya mwezi wa kwanza nimpe siku hiyohiyo tukisaini, siku kumi kabla sijahamia. Kisha nikampa namba za watu wawili: mwajiri wangu, na mwenye nyumba niliyepanga kwake kabla ya yule niliyekuwa nahama kwake. Kwa nini si huyo niliyekuwa nahama kwake? Kwa sababu anayetaka uondoke anaweza kukusifia ili akutue, na wenye nyumba wanalijua hilo. Wote wawili nilikuwa nimewapigia mapema, wasije wakashtushwa na simu ya mtu wasiyemjua. Nilichojivunia zaidi ni karatasi ya zamani yenye saini, inayoonyesha kwamba nilirudishiwa amana yangu yote bila kukatwa. Aliisoma mara mbili.

Hakukubali papo hapo. Alipiga simu zake, kesho yake akaja na sharti: mwezi mmoja sawa, lakini nikichelewesha kodi ndani ya miezi sita ya mwanzo, naongeza nusu mwezi kwenye amana. Nikakubali, ila nikaomba iandikwe kwamba kuchelewa ni kupita siku tano. Bila hivyo, hata siku moja ingehesabiwa.

Kwenye risiti ndipo nilipokaribia kuumia. Aliandika jumla moja tu, "malipo ya nyumba, miezi miwili". Ukiiacha hivyo, siku ya kuhama mtabishana ipi ilikuwa amana ya kurudishwa na ipi kodi iliyokwisha kuliwa. Nikamwomba, kwa upole, aandike mistari miwili: kodi, kuanzia tarehe ninayokabidhiwa funguo na si tarehe niliyolipa, halafu amana. Chini akaongeza kwamba nisipopewa funguo siku hiyo, fedha zote zinarudi. Usilipe mapema bila sentensi hiyo, hata kama mwenyewe ni mcheshi namna gani.

Nyumba yenye wapangaji watano wanaoigombea, mbinu hii haifiki mbali. Yangu ilikuwa tupu wiki tatu, na mama yule alikuwa amechoka kuonyesha watu vyumba.