Maabara yenye viti ishirini ndiyo iliyotupangia ziara

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa ziara za siku ya milango wazi, katika chuo kimoja hapa Kampala, nilikuwa na waongozaji wanane wazuri, wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaokipenda chuo chao. Nilidhani hiyo inatosha. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja tu: kundi likijaa, liondoke.

Saa tatu na nusu liliingia basi la shule moja, wanafunzi 62 wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwongozaji wa zamu akawachukua wote. Walipofika maabara ya baiolojia, yenye viti 20, nusu hawakupata pa kusimama, na kundi lililowafuata lilikuwa limeshafika nyuma yao ngazini. Likaja na la tatu. Kwenye korido nilimkuta binti mmoja amejinyanyua kwa ncha za vidole, ameshika nondo za dirisha, anajaribu kuona hadubini kupitia kioo chenye vumbi. Walikuwa wametoka Gulu alfajiri, zaidi ya kilomita 300, na yeye alikuja kwa ajili ya maabara ile. Mwalimu wao akapiga filimbi, basi likaondoka, hakuingia. Lile dirisha bado naliona.

Tangu siku ile nimepanga ziara hizi mara kadhaa, na kosa ninaloliona kwa wenzangu ni lilelile langu. Tunaanza na swali la "tunao waongozaji wangapi?" Swali la kwanza ni hili: chumba gani katika njia nzima ni kidogo kuliko vyote, na kundi moja linakaa humo dakika ngapi? Chumba hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa kundi, na pia kinaamua makundi yapishane kwa muda gani. Idadi ya waongozaji inakuja mwisho, tena inatokana na hayo mawili.

Nieleze kwa mfano wa mwaka uliofuata. Tulitarajia wageni 480. Maabara inaingiza watu 20, kwa hiyo kundi likawa wageni 16. Nafasi nne zilizobaki ni za mwongozaji, mwalimu au mzazi anayefuatana nao, na fundi wa maabara. Iliyosalia ni ya pumzi, maana kundi la 16 mara nyingi linafika likiwa na mtu aliyejiunga njiani. Fundi alihitaji dakika 10 kuonyesha vifaa na kujibu maswali mawili matatu. Kutoka kwa kundi moja na kuingia kwa jingine ni dakika mbili. Jumla 12. Basi makundi yataondoka kila baada ya dakika 12, hata kama pale kwenye hema la mapokezi kuna watu mia wanaosubiri na waongozaji watano hawana kazi. Ukiwatoa upesi zaidi hujawahudumia. Umeihamisha foleni kutoka kivulini kuipeleka kwenye ngazi.

Kwa dakika 12, saa moja inatoa makundi matano, yaani watu 80. Tukianza saa tatu kamili asubuhi na kundi la mwisho likaondoka saa tano na dakika 48, tunapata safari 15, wageni 240. Nusu ya tunaowatarajia! Hapo ndipo kishawishi cha kuongeza watu kwenye kundi kinapokuja, na hapo ndipo pa kusimama imara. Tulifungua njia ya pili. Ya kwanza ikawa ya sayansi, inapita maabara. Ya pili ya biashara na sanaa, inapita chumba cha kompyuta, ambacho nacho kinaingiza watu 20. Maktaba ilikuwa kwenye njia zote mbili, nayo ni kubwa, kwa hiyo sayansi walipelekwa orofa ya chini na wale wengine ya juu. Kama chumba kinachochangiwa kingekuwa kidogo, njia mbili zisingetusaidia kitu, kwa sababu mlango uleule ungepokea makundi mara mbili.

Sasa waongozaji. Mzunguko mmoja ulichukua dakika 60. Ongeza dakika 12 za kunywa maji, kwenda haja na kurudi hemani: 72. Gawanya kwa 12, unapata sita. Waongozaji sita kwa kila njia, kumi na wawili kwa zote mbili, na tukaweka akiba ya watatu. Kwa hesabu hiyo watatu wa kwanza katika kila njia huzunguka mara tatu na watatu wa mwisho mara mbili. Usimpe mtu mzunguko wa nne. Sauti inakwisha, na mwongozaji asiyesikika na watu wa nyuma anawapeleka matembezi tu.

Zile dakika 60 zipimeni kwa miguu ya watu sahihi. Mimi mara ya kwanza nilipima na mwanafunzi, tukapata dakika 44. Kampala ni vilima, na chuo chetu kina mteremko ambao kuupanda ni kazi. Mara ya pili niliomba mama mmoja wa jikoni, mtu mzima, atembee nami huku tukisimama kila kituo na kusema maneno yote yatakayosemwa. Dakika 58. Wazazi wanaokuja na watoto wao wanatembea kama yeye.

Jambo la lugha nalichukulia kwa uzito, labda kwa sababu najua ugeni wa kusimama kwenye kundi usiloelewa linazungumza nini. Wazazi wengi wanaofika kwetu kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo wanastarehe zaidi kwa Kiswahili, hata kama mtoto anajua Kiingereza vizuri. Tulikuwa na waongozaji wanne wa Kiswahili. Mwaka mmoja walipangwa wafuatane asubuhi kwa sababu ni marafiki na waliomba hivyo, matokeo yake baada ya saa tatu na nusu hakukuwa na mmoja hemani kwa zaidi ya nusu saa. Dawa ni kuwatawanya kwenye mzunguko. Katika kila njia yenye waongozaji sita, weka mmoja nafasi ya kwanza na mwingine nafasi ya nne. Kwa kuwa kila mmoja anarudi baada ya dakika 72, ziara ya Kiswahili inaondoka kila dakika 36: saa tatu kamili, saa tatu na dakika 36, saa nne na dakika 12, na kuendelea. Karani wa mapokezi anaweza kumwambia mgeni, "Mzee, karibu ukae, ya Kiswahili inatoka baada ya robo saa," akawa anasema kweli.

Mabasi ya shule ndiyo mtihani. Mwalimu aliyekuja na wanafunzi 62 hataki uwagawe, na sababu yake ni ya haki: ndiye atakayejibu kwa wazazi akipotea mmoja. Sikushindana na walimu. Niliwaomba orodha wiki moja kabla, nikairudisha ikiwa imegawanywa kwa kombinesheni zao za masomo. Wa PCB na PCM njia ya sayansi, wa HEG na wenzao njia ya pili. Kama mgawanyo uko karibu sawa, 62 wanakuwa makundi manne, na kwa njia mbili wanaondoka kwa safari mbili tu zinazofuatana. Mwalimu wa pili huenda na kundi la kwanza, mwalimu mkuu wa msafara hutembea nyuma ya la mwisho na karatasi yake mkononi. Akishaona kwamba wote wanaishia kwenye hema lilelile ndani ya dakika 12, anatulia. Nimewahi kukataliwa mara moja tu.

Shule za mbali zisipewe saa tatu. Basi la Gulu au Mbarara likipita salama barabarani bado litakutana na jamu ya Kampala. Tulizipa saa nne na nusu kwenda mbele, na zile za mwanzo tukawapa shule za mjini na za Mukono. Kati ya makundi yote 30 ya siku, sita hayakuwekewa jina la shule yoyote, yametawanywa asubuhi nzima. Hayo ni ya wazazi wanaofika kwa boda bila kuandikisha, na ya basi lililochelewa.

Anayesubiri apewe kitu. Hemani tulikuwa na maelezo ya dakika 20 kuhusu alama za kujiunga, ada na hosteli, yanayorudiwa kila nusu saa.

Hata ratiba nzuri huteleza, na mahali pa kutambua kwamba imeteleza ni mlango wa chumba kidogo. Weka mtu mmoja pale, na saa na simu, asifanye kingine. Mwongozaji akifika na kukuta migongo ya kundi jingine bado iko ndani, kuna dakika zimepotea. Zikiwa chini ya tano, subirini. Zikizidi, anayepokea simu hemani anazuia safari inayofuata kwa muda huohuo, na kundi lililochelewa linaruka kituo cha hosteli, ambacho sisi tulikiweka makusudi baada ya maabara ili kiweze kurukwa. Wataiona hosteli kwa nje wakipita. Nisingekubali kamwe mwongozaji aambiwe "harakisha". Akiharakisha anakata maswali, na maswali ndiyo yaliyowaleta. Mvua nayo ina uamuzi wake: ikinyesha kubwa tunasimamisha kuondoka kwa safari moja nzima, dakika 12, badala ya kuwasukuma watu wote ndani ya maktaba.

La mwisho ni la saa, na lilitugharimu kundi zima. Karani wetu alimwambia mzazi mmoja kwa simu, kwa Kiingereza, aje saa "9". Mzazi akawapasha wenzake kwa Kiswahili kuwa ni saa tisa. Familia saba zilifika alasiri, hema limeshakunjwa, waongozaji wameenda. Tuliwatembeza mimi na mlinzi wa lango, maabara imefungwa. Sasa kila tiketi inaandikwa hivi, mistari miwili, namba kwa namba na neno kwa neno: 9:36 asubuhi, na chini yake, saa tatu na dakika thelathini na sita asubuhi. Na rangi ya njia, na namba ya kundi, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyesahau miwani nyumbani.